Usiiweke Razor katika msimu wa pili: mimi nilishafanya hivyo na nikajuta

*"Wakuu, nampangia mdogo wangu tamthilia ya Battlestar Galactica, ile mpya. Nimepata orodha inayosema filamu ya Razor iwekwe msimu wa pili baada ya kipindi cha 17, na filamu ya The Plan kabla ya msimu wa tatu, ili hadithi ifuate miaka yake. Niifuate? Na vile vipindi vya Krismasi vya Doctor Who aviruke au avitazame?"*

Usiifuate, na uifute kabla mdogo wako hajaiona. Ambaye bado hajatazama msimu wa tatu asiendelee kusoma, kwa kuwa siwezi kueleza hasara niliyoipata bila kutaja kilichotokea.

Orodha hiyo ninaijua vizuri. Niliichapisha kwenye karatasi nikaibandika kwa selotepu ukutani mwa kibanda changu hapa Ngamiani, barabara ya 12, ambako nilikuwa nikiwawekea watu filamu na tamthilia kwenye flashi. Niliiamini kwa sababu ilionekana kazi ya mtu makini: kila kipindi kilikuwa na namba yake, kila filamu ilikuwa na nafasi yake, na chini kabisa mwandishi alijiita mtaalamu wa tamthilia. Utaalamu wenyewe, kama nilivyokuja kubaini, ulikuwa ni kujua kuhesabu miaka.

Nikiri kwanza kilichonidanganya, maana orodha yenyewe haikuwa ya kijinga. Mwishoni mwa kipindi cha 17 cha msimu wa pili, kiitwacho "The Captain's Hand", Lee Adama anakabidhiwa uongozi wa meli ya Pegasus. Razor inaanzia hapo hapo: Lee ndiyo kwanza anaingia kazini, na anamteua ofisa ambaye hatujawahi kumwona, Kendra Shaw, awe msaidizi wake. Kisha filamu inarudi nyuma na kutuonyesha Admeri Cain akiiongoza Pegasus tangu siku ya shambulio la Cylon, zile roboti zinazowawinda wanadamu. Katika msimu wa pili tulisimuliwa kwa maneno tu kwamba mama huyo alimpiga risasi msaidizi wake mwenyewe mbele ya mabaharia, na katika Razor tunaliona tukio hilo kwa macho. Kwa hiyo mtu akipima kwa kalenda ya wahusika, filamu inaingia pale kama kigae kwenye nafasi yake. Hata mimi nilijipongeza.

Tatizo ni kwamba filamu hiyo ilirushwa tarehe 24 Novemba 2007, na msimu wa tatu ulikuwa umekwisha tarehe 25 Machi mwaka huo huo. Msimu wa nne ulikuja kuanza Aprili 2008. Walioiandika waliwaandikia watu waliokuwa wamekaa miezi minane na swali moja kichwani: Kara Thrace, yule rubani tuliyemwona akifa, amerudije? Ndiyo maana mwishoni mwa Razor kiumbe mzee wa Cylon anamwambia Kendra kwamba Kara atawafikisha wanadamu kwenye mwisho wao, na kwamba yeye ni mjumbe wa mauti. Mtazamaji wa Novemba 2007 alipoyasikia maneno hayo alishtuka, kwa sababu yaligusa jeraha alilokuwa nalo tayari. Mtazamaji wa msimu wa pili hana jeraha lolote. Anachopewa ni jibu la swali ambalo hajaliuliza, na baya zaidi ni kwamba atalikumbuka.

Tazama pia ufundi uliotumika hapo, maana ndio unaoonyesha kwamba waandishi walijua wanapachika kitu nyuma ya wakati. Kendra hatajwi popote katika vipindi vilivyotangulia kurushwa, kwa hiyo ilibidi afe ndani ya filamu yenyewe, naye anabaki nyuma kulilipua bomu la nyuklia kwa mkono wake. Tena akishaambiwa ule utabiri, anajaribu kuwapasha habari wenzake kwa redio, lakini mawasiliano yamezibwa. Siri inakufa naye. Ilibidi iwe hivyo, kwani katika msimu mzima wa tatu hakuna mtu yeyote kwenye msafara anayemwogopa Kara kwa sababu ya utabiri, na kama ujumbe ungefika, vipindi vilivyokwisha kurushwa vingepingana na filamu. Waandishi waliwafunga midomo wahusika wote. Mtu mmoja tu hawakuweza kumfunga masikio, naye ni yule aliyeketi mbele ya televisheni, ambaye walitarajia awe ameshaumaliza msimu wa tatu. Mimi ndiye niliyemwahisha.

Nyumbani tulikuwa tukitazama baada ya sala ya isha, mimi, mama watoto na mpwa wangu aliyekuja kusoma mjini. Tukafika kipindi cha 17 cha msimu wa tatu, "Maelstrom". Mimi nilikuwa nimeshakitazama peke yangu zamani, na nilikuwa nikiusubiri usiku huo kwa wiki nzima. Kile chombo cha Kara kinazama ndani ya mawingu ya dhoruba, Lee anamwita kwenye redio, kisha chombo kinapasuka vipande vipande. Baadaye mzee Adama, baba yake Lee, peke yake mezani, anaivunja kwa mikono ile meli ndogo ya mbao aliyoitengeneza kwa muda mrefu. Nikageuka kumtazama mpwa wangu. Alikuwa akimenya chungwa la Muheza, na ganda lilikuwa linateremka mzunguko mmoja usiokatika hadi kwenye sahani. Kisu hakikusita hata kidogo. Akasema, "Mjomba, huyu si ndiye aliyeambiwa atawafikisha watu mwisho wao? Mbona hajawafikisha? Basi atarudi."

Na kweli alirudi, katika kipindi cha mwisho cha msimu, na hakuna aliyeshtuka hata mmoja. Mama watoto alikuwa ameshakwenda kulala. Kipindi ambacho watu waliojaliwa kukitazama kwa mpangilio wake walikipigia kelele, kwangu kilipita kama taarifa ya hali ya hewa.

Hasara ya nyumbani ningeimeza kimya kimya, ila nilikuwa nimeshawapangia wateja saba vivyo hivyo. Mmoja wao, mwalimu mstaafu wa Chumbageni, alirudisha flashi akaiweka mezani taratibu, akaniambia, "Bwana mdogo, nilikuomba unipangie kurasa, wewe ukanisimulia mwisho wa kitabu." Nikawajazia flashi zote upya bila malipo, kama kwamba kumbukumbu ya mtu nayo hufutwa na kujazwa upya. Nilimwandikia pia yule mtaalamu wa orodha nikimweleza yaliyonipata. Jibu lake lilikuwa maneno matatu: "Mpangilio ni mpangilio." Nami namjibu hapa, kwa kuwa huko alinifungia: tarehe ya hadithi inawahusu wahusika, na tarehe ya kurushwa inamhusu mtazamaji, na kati ya hao wawili anayelipia umeme ni mtazamaji.

Kwa hiyo kwa anayetazama mara ya kwanza, fuata tarehe ya kurushwa. Razor inakaa baada ya msimu wa tatu na kabla ya wa nne. Namba za mafaili zenyewe zinaweza kukusaidia hapa, kwa sababu katika baadhi ya orodha filamu hii imehesabiwa kuwa kipindi cha 1 na cha 2 cha msimu wa nne. Ukikuta faili ya "He That Believeth in Me" imeandikwa `S04E03`, usihangaike kutafuta vipindi viwili vilivyopotea. Hivyo viwili ndivyo Razor. Ukikuta faili hiyo hiyo imeandikwa `S04E01`, ujue aliyepanga ameitoa filamu nje na kuitupa katika folda ya ziada, nawe uirudishe kwa mkono.

The Plan ni mbaya zaidi kuiweka unakotaka kuiweka. Hadithi yake inatembea sambamba na msimu wa kwanza na wa pili, ila safari hii tupo upande wa Cylon, na Cavil, ambaye tamthilia yenyewe ilificha hadi mwishoni mwa msimu wa pili kwamba ni Cylon, ndiye anayepanga kila kitu tangu dakika za mwanzo. Ilitolewa mwaka 2009, tamthilia ikiwa imeshamalizika, na inazungumza na mtu anayewajua Cylon wote kwa sura. Inatazamwa mwisho wa yote. Mdogo wako akishamaliza kila kitu na akataka kurudia, hapo mpangieni kwa miaka ya hadithi mkipenda, na mtaifurahia, kwa kuwa hakuna tena cha kuharibika.

Kuhusu Krismasi, asiruke. Watu hudhani kipindi cha sikukuu ni pambo, kwa vile ni kirefu kuliko vingine, hadithi yake huanza na kuisha hapo hapo, na wahusika wenyewe wamo katika Krismasi, ili hata mjomba aliyekuja kula pilau na hajawahi kuiona tamthilia aweze kufuata. Katika Doctor Who hilo ni kweli nusu tu. Msimu wa 2005 uliisha Juni kwa Daktari kubadilika sura dakika ya mwisho. Tarehe 25 Desemba 2005 kikarushwa "The Christmas Invasion", cha saa moja badala ya zile dakika 45 za kawaida, na humo ndimo Rose, msafiri mwenzake Daktari, anapojifunza kumwamini huyu mtu mpya, ambaye muda mwingi amelala akiwa na pajama. Humo pia Daktari anakatwa mkono, na mkono huo utakuja kuonekana tena mbele ya safari. Msimu wa pili ulianza Aprili 2006 ukichukulia kwamba yote hayo umeyaona. Anayekiruka atamkuta Rose anacheka na mtu asiyemjua, na atadhani faili imeruka.

Kinarukwa kwa sababu mafaili huandikwa `S00`, yaani msimu sifuri, pamoja na mahojiano na vipande vya nyuma ya kamera, na televisheni ikipanga kwa namba huvisukuma vyote juu kabisa au huvificha katika folda ya peke yake. Kitoe humo ukiweke kabla ya kipindi cha kwanza cha msimu wa pili, na cha kila Desemba inayofuata ukifanyie vivyo hivyo kwa tarehe yake.

Ukweli ni kwamba kanuni yangu inavunjika mahali pamoja, pale kituo chenyewe kinaporusha vipindi vya kawaida ovyo. Firefly ilirushwa mwaka 2002 na kipindi chake cha ufunguzi kikaonyeshwa Desemba, baada ya vingine vilivyopaswa kukifuata. Hapo fuata mpangilio wa diski. Lakini Galactica haikufanyiwa hivyo, kwa hiyo usije ukanitolea mfano huo ili uitetee orodha yako.

Mdogo wako yuko kipindi cha ngapi sasa? Kama ameshapita cha 10 cha msimu wa pili, ambapo Pegasus inatokea, kaitoe Razor kwenye folda hiyo usiku huu huu.