Mtu akikuandikia "Pesa" tu, umjibu nini?

Namba yangu ya simu imebandikwa kwenye duka la wakala karibu na soko hapa Malindi, chini ya maneno "ushauri wa biashara ndogo". Kazi yangu hasa ni kuweka hesabu za vyama vya akina mama. Ushauri nautoa jioni, kazi ikiisha. Wanaoanza kwa salamu na maelezo ni wachache. Wengi huleta neno moja. "Pesa." "Biashara." Hana jina, hana salamu, na huku kwetu mtu hukuulizia wazee, watoto na kazi kabla hajagusa shida yake, kwa hiyo ujumbe wa namna hiyo ni rahisi kuuona ni utovu wa adabu.

Mimi siuoni hivyo. Redio na matangazo yametuzoesha kutuma neno kwa namba fupi na kujibiwa papo hapo, na anayeandika PESA kwa herufi kubwa mara nyingi hadhani kuna mtu upande wa pili. Mwingine ana haya: deni likishaandikwa linabaki kwenye simu, na simu ya nyumbani ina mikono mingi. Wapo pia wanaoongea vizuri kabisa lakini kuandika sentensi kunawachosha. Wote watatu hawajakataa kueleza. Hawajapata tu pa kuanzia.

Ndiyo maana jibu la "nikusaidie nini?" halifai. Unamrudishia mzigo uleule ulioshinda kubebwa, naye hunyamaza. Kubaya zaidi ni kumtumia maelezo marefu ya mikopo, kwa kudhani pesa ni mkopo. Neno hilo moja linaweza kuwa pesa iliyokwenda namba isiyo yake, pesa anayotafuta, pesa anayodaiwa, au pesa ya kukutapeli wewe.

Ninachofanya ni kumpa majibu ya kuchagua, ambayo nayo yanajibika kwa neno moja. Kwa "Pesa" huandika hivi:

"Salaam aleikum. Mimi ni mtu, si mashine, nimepata ujumbe wako. Ni pesa iliyokwenda kusiko, pesa unayotafuta, au pesa unayodaiwa? Nijibu imepotea, natafuta au nadaiwa. Ukipenda, nitumie sauti."

Mpangilio huo una sababu. Iliyopotea inatangulia kwa kuwa ndiyo pekee inayohesabiwa kwa dakika. Akijibu "imepotea", siulizi la pili. Namwambia achukue ule ujumbe wa M-Pesa wa pesa aliyotuma na autume kama ulivyo kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa iliyotumwa kimakosa, sasa hivi, kisha ndipo tuzungumze. Aliyepokea akishaitoa kwa wakala, kurudishwa kunakuwa kugumu, na hata ikiwa bado ipo, huenda huyo naye akaulizwa kwanza. Kwa hiyo kila swali langu la ziada lingekuwa linamlia muda.

Kwamba sitoi pesa nalisema katika ujumbe wa pili. Nikilisema katika wa kwanza, mazungumzo yanakufa kabla sijajua kama alizitaka. Nikilichelewesha hadi wa tatu au wa nne, nitakuwa nimemtia tumaini la bure, naye atakuwa ameshanieleza siri zake kwa bei hiyo.

Tapeli hujifichua hapohapo. Huwa hachagui chochote. Hurukia kwamba amekutumia pesa kimakosa, umrudishie haraka kwa kuwa mtoto yuko hospitali. Usisome ujumbe aliokutumia, soma salio lako. Ujumbe wa kweli huingia kwa jina la MPESA, hauingii kutoka kwa namba ya mtu. Na hata ukikuta kweli pesa imeingia, mwambie afuate njia ya 456. Usiirudishe kwa mkono wako.

Neno "Biashara" ndilo gumu zaidi, kwa kuwa nyuma yake kuna mambo mengi yanayofanana kwa nje. Hapo nagawanya mara moja tu: "Biashara ipo, au unataka kuianza?" Anayetaka kuanza hana haraka ya leo, tunaweza kupanga siku. Aliyejibu "ipo" namtazama kwanza kwa saa na msimu. Aliyeandika saa nne usiku mara nyingi amemaliza kuhesabu mauzo na hayaelewi. Aliyeandika alfajiri yuko njiani kununua mali na mfukoni hana kitu. Mwezi wa Juni kusi imevuma, boti ndogo hazitoki, samaki wamepanda bei, na wageni wa hoteli wengi wameshaondoka; malalamiko ya wakati huo si sawa na ya Desemba. Dalili hizi hazitoshi kuamua, ila zinanisaidia kuchagua swali.

Swali lenyewe, katika kazi hii, nimeona moja linashinda mengine yote: "Mara ya mwisho uliponunua mali, pesa ilitoka wapi?" Siulizi tatizo ni nini, kwa sababu tatizo ni maoni yake, na maoni mara nyingi ni "sina mtaji". Nauliza tukio, la juzi au la jana, ambalo analikumbuka kwa shilingi.

Kuna mama mmoja wa upande wa Maweni, anauza samaki wa kukaanga na viazi karai jioni. Aliniandikia "Biashara" kabla ya jua kuchomoza. Akajibu "ipo", kisha akaongeza "mkopo". Hapo ndipo mshauri mwenye haraka angemwelekeza kwenye mfuko wa serikali na kumtakia kila la heri. Nikamuuliza lile swali. Akatuma sauti: samaki wa jana alinunua kwa Fuliza.

"Wa juzi je, mama?"

"Na wa juzi, mwanangu. Kila siku."

Nikamwomba anisomee siku moja tu, tangu asubuhi hadi kufunga. Samaki na viazi alinunua kwa shilingi 2,000, zote za Fuliza. Mafuta na makaa 450. Jioni aliuza 3,100. Kwa hesabu hiyo siku ilimpa faida ya 650, na kwa meza ya barabarani hiyo si biashara inayokufa. Lakini kati ya zile 3,100, wateja walilipa 2,000 kwa simu, kwenye laini yake mwenyewe, na 1,100 taslimu. Fuliza ni ruhusa ya kutumia zaidi ya salio, na makubaliano yake ni kwamba kila pesa inayoingia kwenye laini hulipa deni kwanza. Basi zile 2,000 za wateja hazikukaa. Ziliingia na kuondoka. Zilizobaki mkononi ni zile 1,100. Akalipa mafuta na makaa, akabaki na 650, nyumbani zikaliwa 500. Alfajiri simu ina sifuri, soko linafunguliwa, anachukua Fuliza tena.

Yeye alikuwa akiona kitu kimoja tu: kila asubuhi sina pesa. Kwa hiyo aliita mkopo. Lakini mkopo alikuwa nao tayari, tena anaulipa kila jioni bila kukosa. Alichokosa ni pesa yake mwenyewe ya manunuzi ya siku moja. Ada za Fuliza, tulipozisoma kwenye ujumbe wake wa siku ile, zilikuwa karibu shilingi 45. Ni ndogo kwa macho, lakini kwa siku 26 za kazi zinapita 1,100, ambazo ni karibu faida ya siku mbili nzima. Na kama kaka yake angemhurumia akamtumia kitu kwenye laini ileile, nacho kingemezwa vivyo hivyo.

Tulichofanya ni vitu viwili. Wateja wa simu wakaanza kulipa kwa tili, ili pesa ya mauzo isiingie kwenye laini yake mpaka yeye aihamishe. Hilo halifuti deni, na Fuliza ya siku ile ilibaki pale pale ikimngoja. Linampa tu nafasi ya kuiona pesa yake kabla ya kuamua. Cha pili ni kibubu cha taslimu, shilingi 100 kila jioni kabla ya kununua unga wa nyumbani. Yeye alitaka 200. Nilikataa, kwa sababu baada ya chakula na ada alibaki na kama 105, na mpango wa 200 ungevunjika siku ya tatu. Kibubu kilipofika 500 akaanza kukopa 1,500 badala ya 2,000, na ada nazo zikapungua. Hivyo ndivyo ilivyoendelea, kila kilichoongezeka upande huu kikipunguza upande ule.

Kwa hesabu ya karatasi ni siku ishirini hivi. Kwa kweli ilipita mwezi, maana kulikuwa na juma la upepo ambapo samaki walipanda bei, na siku mbili hakuweka chochote. Deni lilipokwisha aliingia *234# akajiondoa kwenye Fuliza. Ukiwa bado unadaiwa haikubali.

Ushauri huu una mipaka. Ungekuwa hauna maana kama siku yake ingekuwa na hasara. Ndiyo sababu faida inahesabiwa kabla ya lolote: kama mauzo hayafikii manunuzi, kutenganisha laini ni kupoteza muda, na swali linahamia kwenye bei, mahali pa meza, au ukubwa wa vipande. Na anayejibu "nadaiwa" simwombi hesabu kabisa mwanzoni. Namuuliza kama kuna mtu anayemngoja leo, na kama simu hii anaitumia peke yake. Akisema wanaitumia wawili, siandiki tena neno deni. Tunapanga saa ya kuongea.

Kuna wanaonyamaza baada ya jibu langu la kwanza. Hao huwaandikia mara moja zaidi, siku ya pili, kwa saa tofauti, kwa kuwa huenda aliyeshika simu jana hakuwa yeye. Baada ya hapo nawaacha. Na kuna wanaopokea yale majibu matatu ya kuchagua wakajibu tena "pesa". Kwa hao naacha kuandika. Nawapigia baada ya sala ya isha, kwa salio langu, na mara nyingi kabla sijamaliza salamu mtu ameshafika katikati ya habari yake.