Funguo 3, mipangilio 6, maumbo 5: angalia dp[0] yako

*"Wakuu, nina zoezi la kuhesabu maumbo ya mti wa utafutaji kwa funguo n tofauti. Funguo 3 zina mipangilio 6, sasa kwa nini jibu ni 5? Halafu kodi yangu ya jedwali inatoa 1, 0, 1, 0, 2 kuanzia n = 1. Nimeweka dp[0] = 0 kwa sababu bila ufunguo hakuna mti, na dp[1] = 1. Nimekosea wapi?"*

Ndugu, mimi nilianzia hapo hapo kwenye mipangilio. Mara ya kwanza nilipopewa swali hili niliandika programu iliyopanga funguo kwa kila namna inayowezekana, ikajenga mti kwa kuziingiza moja moja, kisha ikatupa miti iliyofanana. Majibu yalikuwa sahihi. Lakini kwa funguo 10 ilibidi ijenge miti 3,628,800 ili kubakisha maumbo 16,796 tu. Kazi karibu yote ilikuwa ya kujenga mti ambao tayari ulikuwepo.

Kwa funguo 3 utaona jambo hilo kwa macho. Ingiza 2, 1, 3, halafu kando yake ingiza 2, 3, 1. Katika yote mawili 2 inakuwa mzizi, 1 inakaa kushoto na 3 inakaa kulia. Mipangilio ni miwili, mti ni mmoja. Mipangilio minne iliyobaki kila mmoja unatoa mti wake, ndiyo maana unapata 5.

Kwa hiyo achana na mpangilio wa kuingiza, uliza swali jingine: nani amekaa kwenye mzizi? Ukishachagua mzizi, mti wa utafutaji haukuachii uhuru wa kugawa funguo. Zilizo ndogo kuliko mzizi zote zinakwenda kushoto, zilizo kubwa zote zinakwenda kulia. Tuseme una funguo 6 na umechagua ya 4 iwe mzizi. Kushoto zitakuwa 1, 2, 3 na kulia 5 na 6, upende usipende.

Hapa ndipo penye kiini cha mbinu nzima, na ndipo nilipochelewa kuelewa. Je, maumbo ya mti wa funguo 5 na 6 yanatofautiana kwa idadi na maumbo ya mti wa funguo 1 na 2? Hapana. Kinachoamua umbo ni nani mkubwa na nani mdogo, si thamani yenyewe. Basi huhitaji jedwali linalokumbuka "kuanzia ufunguo huu hadi ule". Unahitaji namba moja tu: funguo ni ngapi. Jedwali la pande mbili linageuka kuwa mstari mmoja.

Kwa mfano huo wa funguo 6, kushoto kuna funguo 3, yaani maumbo 5, na kulia kuna funguo 2, yaani maumbo 2. Kila umbo la kushoto linaweza kukaa na kila umbo la kulia, kwa hiyo mzizi wa 4 unatoa 5 × 2 = 10. Unazidisha pande mbili za mzizi mmoja, kisha unajumlisha mizizi yote. Wapo wanaojumlisha pande mbili, na hawagutuki kwa sababu wamejaribu mahali ambapo kila upande una maumbo 2, na 2 + 2 inalingana na 2 × 2. Jaribu na namba zisizolingana.

Tukitembea na funguo 4 kikamilifu: mzizi ukiwa 1, kushoto hakuna kitu na kulia kuna funguo 3, tunapata 1 × 5 = 5. Mzizi ukiwa 2 tunapata 1 × 2 = 2. Mzizi ukiwa 3, 2 × 1 = 2. Mzizi ukiwa 4, 5 × 1 = 5. Jumla ni 14.

Angalia ile 1 ya upande mtupu. Hiyo ndiyo dp[0], na hiyo ndiyo iliyokuangusha. Hatuhesabu miti iliyopo upande huo, tunahesabu njia za kuujaza, na upande usio na ufunguo unajazwa kwa njia moja: kuuacha wazi. Ukiweka 0, kila mti wenye nodi iliyokosa mtoto mmoja unafutwa na kuzidisha kwa sifuri.

Na majibu yako si takataka. Endelea nayo hadi n = 7 utaona 1, 0, 1, 0, 2, 0, 5. Kodi yako inahesabu kwa usahihi kabisa miti ambayo kila nodi ina watoto wawili au haina hata mmoja. Mti wa namna hiyo hauwezi kuwa na idadi ya nodi inayogawanyika kwa 2, ndiyo maana sifuri zinakuja nafasi moja baada ya nyingine. Ukiona sifuri za kupishana hivyo, nenda moja kwa moja kwenye dp[0].

```python
def maumbo(n):
    dp = [0] * (n + 1)
    dp[0] = 1
    for k in range(1, n + 1):
        for mzizi in range(1, k + 1):
            dp[k] += dp[mzizi - 1] * dp[k - mzizi]
    return dp[n]
```

Inapaswa kutoa 1, 2, 5, 14, 42, 132, 429 kuanzia n = 1. Hizi ndizo namba za Katalani.

Usishawishike kuandika fomula hiyo hiyo kama fanksheni inayojiita yenyewe bila kutunza majibu. Nilihesabu miito yake: ikisimama kwenye n = 0 tu, inajiita mara 3^n kamili. Kwa n = 19 hiyo ni miito 1,162,261,467, wakati jedwali linamaliza kwa kuzidisha mara 190.

Nimetaja 19 kwa makusudi. Jibu lake ni 1,767,263,190, na ndilo la mwisho linaloingia kwenye namba ya biti 32 yenye alama. La 20 ni 6,564,120,420, na katika Java ukitumia `int` utaona -2025814172. Huko hasi inakushtua, lakini mbele zaidi namba iliyofurika huweza kurudi kuwa chanya ikaonekana ya kawaida tu. Ukitumia `long` unafika salama hadi n = 35. Python haina shida hiyo.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu ulianza na mipangilio. Hesabu hii inakuambia maumbo ni mangapi, haikuambii lipi litatokea mara nyingi. Kwa funguo 7 kuna maumbo 429 na mipangilio 5,040. Mti uliojaa sawasawa, wenye ngazi 3, unatokana na mipangilio 80. Ule ulionyooka kama mnyororo kwenda kulia unatokana na mmoja tu, wa kuingiza 1 hadi 7 kwa mfuatano. Kwa hiyo swali likiuliza uwezekano wa kupata mti fulani kwa kuingiza funguo kiholela, usigawe 1 kwa 429. Hapo unarudi kwenye mipangilio yako.