Maazimio ya Kikao: Amelipa, Atalipa au Alipe?

Shikamoo mwalimu. Natuma kumbukumbu za kikundi kwa baruapepe, mwenyekiti anadai maazimio yangu ni mchanganyiko. Nisaidie. Katibu, Morogoro

Marahaba. Uliyoyatuma ni haya:

1. mhazini amelipa bili ya maji
2. Kufuatilia hati ya kiwanja
3. KATIBU ATAANDIKA BARUA KWA MWENYE NYUMBA
4. Milango itengenezwe

Mwenyekiti kasema kweli. La kwanza ndilo baya zaidi. Aliyekosa kikao akisoma "amelipa" ataamini bili imekwisha, na mhazini mwenyewe akitaka kukwepa ana pa kushikia. Maelezo ya mjadala yaandikwe kwa -li-: mhazini alieleza, wajumbe walihoji. Ukifika kwenye maazimio, hamia "alipe", "aandike", na usitoke humo. "Ataandika" ingevumilika kama yote yangekuwa hivyo, lakini kikao huagiza, hakitabiri.

Sasa ugonjwa ninaoupigia kelele kila mwezi: "kufuatilia". Nani? Makatibu wanaipenda "ku-" kwa sababu haimgusi mtu. Na "itengenezwe", ingawa umbo lake ni sahihi, haina mwenyewe pia. Mwezi ujao milango itakuwa vilevile. Kwa kuwa tarehe umeitaja katika maelezo ya mjadala, la kwanza liwe: "Mhazini alipe bili ya maji kabla ya Ijumaa, 20 Machi 2026." La tatu: "Katibu aandike barua kwa mwenye nyumba", na siku yake. La pili na la nne muulize mwenyekiti yalikabidhiwa nani. Usijichagulie mtu.

Herufi kubwa ziwe wapi?

Mwanzo wa sentensi, majina, siku na miezi. Nimeshajibu hili mara nyingi, someni. Vyeo chagua mtindo mmoja: ukianza na "Mhazini" usimshushe kuwa "mhazini" mistari miwili mbele. Azimio zima kwa herufi kubwa ni kumfokea mtu mbele ya wenzake.

Kuna njia ya mkato ya kushusha herufi kubwa?

Kwenye Word, chagua maandishi ubonyeze Shift+F3 mpaka yakae sawa. Kisha kagua majina na vifupisho, maana navyo hushushwa.

Nimeshatuma, ndipo nikaona makosa. Nirekebishe kimya kimya?

Herufi tu, tuma upya uandike "toleo la pili" kwenye kichwa cha baruapepe. Lakini kugeuza "amelipa" kuwa "alipe" ni kubadili maana, kwa hiyo mstari wa kwanza wa baruapepe useme umebadili azimio lipi, lilisomekaje na sasa linasomekaje. Hiyo ni kama bado ni rasimu. Kumbukumbu zikishathibitishwa na kikao kilichofuata, mkono wako usiziguse: peleka marekebisho kikaoni, yaingie kwenye kumbukumbu za siku hiyo.