Kumpenda usiyemwona

"Hivi hawa washairi wa zamani wa Ulaya walipenda kweli au walijitesa tu?"

Walipenda, ila umbali wenyewe ndo ulikuwa utamu. Mcheki Jaufre Rudel, wa kusini mwa Ufaransa karne ya 12, kwenye shairi lake la siku ndefu za mwezi Mei neno "mbali" linarudi mara mbili kila ubeti, tena palepale kwenye kina, yaani unausikia ule umbali masikioni. Wanaosema kwamba Rudel alisafiri akafia mikononi mwa bibiye huyo wa mbali, wa Tripoli, ya Lebanoni sio ya Libya, wamepatia nusu, hiyo hadithi iliandikwa karne ya 13 na inaonekana imechotwa humohumo kwenye mashairi. Mi naona watu walishindwa kuvumilia mpenzi asifike, wakamtungia safari.