Mguu uliokanyaga chini haukimbii

"Fundi, kwenye Photoshop nimemkata mtu anayekimbia kutoka picha moja nikamweka kwenye picha ya Daraja la Tanzanite jioni, nikampa Motion Blur. Bado anaonekana kabandikwa." (Tabata)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kosa ni lilelile. Nimeikuza picha yako hadi asilimia 200: mwili mzima umeburuzwa sawasawa, pikseli 40, kuanzia kisigino kilicho kwenye lami hadi utosini. Hilo ni gari, si mtu. Mguu uliokanyaga umesimama, kiwiliwili kinaupita, na mguu unaorushwa mbele unakwenda karibu mara mbili ya kiwiliwili ili uwahi kutua.

Tupige hesabu. Mkimbiaji wako ana urefu wa pikseli 1,700. Mtu mzima tumkadirie mita 1.7, basi mita moja ni pikseli 1,000. Anayekimbia mazoezi huenda kama mita 3 kwa sekunde. Picha ya daraja ilipigwa kwa shata ya 1/30, na hiyo ndiyo inayotawala, si ile 1/1000 iliyomgandisha mkimbiaji. Kwa muda huo kiwiliwili kinasogea sentimita 10, yaani pikseli 100. Mguu wa mbele upe karibu 200, uliokanyaga upe sifuri.

Fungua Filter > Blur Gallery > Path Blur. Chora njia ya kwanza kifuani kuelekea anakokwenda, ncha zote mbili uziwekee End Point Speed ya 100. Ya pili ipite kwenye mguu wa mbele, 200. Ya tatu iweke juu ya kiatu kilichokanyaga, 0. Speed ifikishe 100%, na Centered Blur iwashe ili mwili usihame. Hesabu hii ni ya mtu anayekatiza mbele ya kamera. Akiwa anaikimbilia kamera, mburuzo wa pembeni unakuwa mdogo sana.

"Kingo za mwili zinabaki kali kama zimekatwa kwa wembe, hata nikiongeza ukungu."

Maski yako imebaki palepale na inaukata mburuzo. Igeuze leya pamoja na maski yake kuwa Smart Object kwanza, ndipo uburuze. Ukingo utakuwa nusu wazi na taa za nyuma zitapenya, kama inavyotokea kwenye picha halisi. Na tafadhali mchague mkimbiaji aliyepigwa akiwa mkali. Akiwa tayari na ukungu, kingo zake zimeshachanganyika na kijani cha uwanja alikotoka, na kijani hicho utahama nacho hadi darajani.

"Nilifuata ushauri wako, mguu wa chini nikauacha bila ukungu. Sasa ndio unaelea!" (Mbagala)

Kwa sababu mkono wa mpiga picha nao ulitikisika. Mwendo wa mtu hutofautiana kiungo kwa kiungo, lakini mtikisiko wa kamera hugusa kila kitu, hata nguzo, hata kiatu kilichosimama. Tafuta taa ndogo ya mbali isiyosogea, karibu na pale atakaposimama mkimbiaji. Usichukue ya pembeni kabisa, kamera ikizunguka kidogo kona hutikisika tofauti na katikati. Taa haitakuwa nukta, itakuwa mkia. Kwenye picha yako ni mkia wa pikseli 12, ulioshuka kidogo kuelekea kulia.

Mkia ukiwa mnyoofu, Motion Blur inatosha: Angle ya mkia, Distance 12, juu ya mkimbiaji mzima na baada ya mburuzo wa mwendo. Ukiwa umepinda, tumia Path Blur, washa Edit Blur Shapes, upinde mishale myekundu ifanane nao. Mwisho kabisa rudisha chengachenga za picha, maana ukungu umezifuta.

"Mcheza singeli naye nimfanyie vivyo hivyo?"

Ndiyo, ila njia zipinde kuzunguka kiungo: begani kidogo, kiganjani nyingi.

"App gani ya simu inafaa?"

Yoyote inayokuruhusu kuburuza kiungo kimoja peke yake.

"Shata ya picha ya nyuma nitaijuaje? Nimetumiwa WhatsApp."

Ikitumwa kama picha ya kawaida taarifa hizo hufutika. Mwombe aliyeipiga aitume kama dokumenti. Akiwa hanayo tena, tafuta mpita njia anayekatiza picha. Tuseme ana urefu wa pikseli 850 na kiwiliwili chake, ukishaondoa mtikisiko, kimeburuzika pikseli 25. Mkimbiaji wako ni mkubwa mara mbili yake kwenye picha, basi 50. Na anakwenda kasi mara mbili ya mtembea kwa miguu, basi 100.