Somo la jigso: kazi kubwa ni kukata mada

Jigso ilianzishwa Marekani mwaka 1971 na mwanasaikolojia Elliot Aronson. Kila mtoto wa kundi la nyumbani anapewa kipande kimoja cha mada, anakisoma na wenye kipande kama chake, yaani kundi la wabobezi, kisha anarudi kuwafundisha wenzake wa kundi la nyumbani. Mimi naitumia shule ya msingi hapa Dodoma, na kinachonichukua muda mrefu zaidi kwenye andalio ni kukata mada. Kila kipande kieleweke bila vingine. Ukimpa mmoja sababu za mmomonyoko wa udongo na mwingine athari zake, huyu wa athari atakwama kwa sababu anasubiri maelezo ya mwenzake.

Mmomonyoko naukata hivi: A maji ya mvua, B upepo, C mifugo, D ukataji miti. Kila kipande ni nusu ukurasa chenye mambo matatu: udongo unaondokaje, utatambua kwa dalili gani, na hatua moja ya kuzuia. Kwa C naweka habari ya Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika sana, na uoto ukaanza kurudi.

Darasa la watoto 64 linatoa makundi 16 ya nyumbani, wanne wanne. Lakini wenye A wako 16, na hao wakikaa pamoja wataongea watatu tu. Basi nawagawa: A wa makundi 1 hadi 4 wanakaa pamoja, wa 5 hadi 8 pamoja, hivyo hivyo hadi mwisho. Kadi ya mtoto inaandikwa 7C, yaani nyumbani kundi la 7, kipande C. Mmoja asipofika, navunja kundi lake na kuwapeleka watatu waliobaki kwenye makundi mengine, wafundishe kwa kushirikiana na mwenye kipande kama chao.

Katika vipindi viwili mfululizo, dakika 80, wabobezi nawapa 25. Tano za mwisho ni za karatasi kufunikwa: kila mmoja anamweleza jirani yake kwa maneno yake, na mimi napita nikisikiliza. Nikikuta C anasema tu "ng'ombe wanaharibu ardhi", namuuliza: wanaiharibuje? Harudi kwenye kundi la nyumbani mpaka aseme kwamba wanamaliza majani yanayoshika udongo, na kwato zinaushindilia hadi maji yanashindwa kupenya.

Kwenye kundi la nyumbani kila mmoja anafundisha dakika saba. Ukiona darasa limetulia tuli, vichwa vimeinama, ujue wananakili. Kwangu kalamu zinakaa mezani mpaka msikilizaji mmoja aulize swali na lijibiwe. (Kelele zitakuwepo, mwalimu wa darasa jirani mtaarifu mapema.)

Mwisho natoa swali la mtu mmoja mmoja, lisilojibika kwa kipande kimoja: shamba la mtama liko kwenye mteremko, juu yake miti imekatwa kwa mkaa na mbuzi wanachungwa humo, chini kuna korongo linalokua, na kiangazi vumbi linapeperuka. Mwenye shamba aanze na lipi, na kwa nini? Nasahihisha nikiwa na orodha ya kadi mkononi. Watoto wengi wa makundi ya 9 hadi 12 wakikosa sehemu ya upepo, basi ni kundi lao la wabobezi B ambalo halikuiva, na kipindi kinachofuata naanza na hao wanne.