Kumbusho la kwanza linatafuta invoisi ilipokwama

Swali la wiki: "Mteja wako amepitisha tarehe ya kulipa invoisi kwa siku tatu nne tu. Utamkumbusha, au utamwachia kwanza?"

Mkumbushe. Tena mkumbushe mapema, na usianze na "samahani kwa usumbufu" maana kazi umefanya na tarehe mlikubaliana. Nimeona wasomaji wenzangu kwenye majibu ya mwanzo wanasema inaleta picha mbaya, utaonekana una njaa, mteja atakukimbia. Hilo ndo lililonifanya niandike, kwa sababu mimi nimekaa miaka upande wa pili wa meza, yaani upande wa wanaolipa. Nilikuwa napokea invoisi za masaplaya, naziingiza kwenye mfumo, natafuta saini, naandaa listi ya malipo ya wiki. Kwa hiyo hayo makumbusho mnayoyaogopa kuyatuma, mimi ndo nilikuwa nayasoma, na nawaambia ukweli sijawahi kumdharau mtu kwa kunikumbusha vizuri. Waliokuwa wananipa shida ni wale wanaokaa kimya mwezi mzima halafu wanakuja wamefura.

Watu wengi wanadhani invoisi ikichelewa siku tatu nne maana yake mteja hana hela au anafanya makusudi. Kwa kampuni yenye mhasibu na utaratibu mara nyingi si hivyo. Invoisi imekwama mahali. Iko kwenye imeli ya mtu aliyeenda likizo, au haina namba ya oda, au mzigo umepokelewa ila delivari noti haijasainiwa, na mhasibu hawezi kulipa mpaka oda, uthibitisho wa kupokea na invoisi visome kitu kimoja. Na mbaya zaidi hakuna anayekuambia! Mhasibu anadhani bosi wa idara ameshakujulisha, bosi wa idara anadhani umeshalipwa.

Sasa kuna mama mmoja alikuwa anatufanyia sevisi ya jenereta, ana vijana wake, kazi zake safi. Alimaliza kazi, invoisi akaiandika tarehe 15 Mei, siku 30, kwa hiyo ilikuwa ya kulipwa tarehe 14 Juni ambayo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu akanyamaza. Jumanne tarehe 18 asubuhi nafungua imeli nakuta ujumbe wake, na hakuandika imeli mpya, alijibu juu ya ile ile aliyotumia mwezi Mei kutuma invoisi, akaniongeza mimi kupitia ile anwani ya malipo iliyoandikwa chini ya oda. Kichwa cha imeli kilikuwa "Invoisi 0147, ilikuwa ya kulipwa 14 Juni". Ndani aliandika karibu hivi:

"Habari za asubuhi, natumaini mnaendelea vizuri. Invoisi namba 0147 ya sevisi ya jenereta ilikuwa ya kulipwa Ijumaa tarehe 14 Juni, na mpaka leo asubuhi sijaona malipo kwenye akaunti. Naituma tena hapa pamoja na kadi ya kazi iliyosainiwa. Naomba kujua imefikia wapi na mnatarajia kulipa tarehe ngapi. Kama kuna kitu kinapungua upande wangu nitakituma leo. Kama mmeshalipa, basi ujumbe huu msiujali. Asanteni."

Basi. Hakuna neno la riba, hakuna mwanasheria, hakuna hadithi ya kodi ya nyumba wala mishahara ya vijana. Nikaingia kwenye mfumo nikatafuta 0147, haipo kabisa, haijawahi kuingizwa. Nikashuka chini kwenye ile imeli nikaona alimtumia mtu wetu wa idara aliyeagiza kazi, tarehe 15 Mei, na huyo mtu hakuifowadi kwetu. Hakuwa na ubaya wowote, alisoma akaona kazi imeisha vizuri akadhani sisi pia tumepata.

Hapo ndo kuna jambo ambalo masaplaya wengi hawalijui. Mfumo wetu ulikuwa unahesabu zile siku 30 kuanzia siku kitengo cha malipo kimepokea invoisi. Haukuangalia tarehe uliyoiandika wewe juu ya karatasi. Kwa hiyo kama ningeiingiza kama invoisi iliyofika Jumanne hiyo, mfumo ungeipeleka tarehe 18 Julai, na yule mama angeambiwa kwa adabu zote kwamba haijafikia muda. Kilichomuokoa ni kwamba alijibu juu ya imeli ya zamani. Tarehe ya kutuma ilikuwa pale chini inasomeka, anwani ni ya kampuni yetu, hakuna wa kubisha. Nikaingiza tarehe ya kupokelewa 15 Mei, nikaambatanisha ile imeli kama ushahidi, mkuu wangu akaona akapitisha.

Nikampigia simu nikamwambia mama, invoisi yako haina namba ya oda, naomba irudi na namba. Akasema "sawa mwanangu, nipe dakika chache", na kweli ikarudi kabla sijamaliza chai. Kadi ya kazi ilikuwa na saini ya mlinzi wetu mkuu wa zamu, nikahitaji ya bosi wa idara pia, nayo ikapatikana Jumatano mchana. Listi ya malipo ilikuwa inafungwa Jumatano jioni, benki zinapelekewa Alhamisi. Akaingia kwenye listi. Angesubiri hadi wiki ijayo kwa kuona aibu angekutana na kufunga vitabu vya mwezi, na kipindi hicho invoisi yenye kasoro hata ndogo inawekwa pembeni kwanza, hakuna mtu wa kuikimbilia.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na saplaya mwingine, wa vifaa vya ofisi, naye amechelewa kulipwa siku hizo hizo chache. Yeye hakuniuliza, alimuandikia mkurugenzi moja kwa moja, herufi kubwa, "MNANIDHULUMU", namba ya invoisi hakuweka. Na uchungu zaidi invoisi yake ilikuwa tayari iko kwenye listi ya Alhamisi! Mkurugenzi akaagiza apewe maelezo, ikabidi akaunti yote ya yule saplaya ipitiwe upya kabla ya kulipwa chochote, na kwenye kupitia tukakuta delivari noti moja ya nyuma haiendani na alichotudai. Alhamisi ikapita bila yeye. Hakuna aliyemkomoa, ndo utaratibu ulivyo, jambo likifika juu linasimama mpaka lieleweke.

Kwa hiyo kumbusho la kwanza mimi naliona kama swali la "imefikia wapi" kuliko "nipe hela yangu". Ndo maana lile ombi la tarehe lina nguvu sana. Ukiniuliza "mtalipa lini" naweza kukujibu "karibuni", lakini ukisema "mnatarajia kulipa tarehe ngapi" lazima niende nikaangalie, na nikishakuandikia tarehe nimejifunga. Ukijibiwa "iko kwenye mchakato" bila tarehe, ujue aliyekujibu hajafungua mfumo, uliza tena kwa upole kama imeshaingizwa na kama imeshapitishwa, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kuna kitu kimoja ambacho usikiweke kabisa kwenye kumbusho, namba mpya ya akaunti ya benki. Hata kama kweli umehamia benki nyingine. Matapeli wanafanya hivyo hivyo, wanajifanya saplaya, wanaandika ujumbe mzuri wa kukumbusha na chini wanaweka akaunti yao. Mhasibu anayejua kazi akiona akaunti imebadilika anasimamisha malipo mpaka akupigie kwa namba ya zamani aliyonayo kwenye faili. Mabadiliko ya benki yatume mbali na kumbusho, mapema, kwa barua, ukijua utapigiwa.

Na kabla hujatuma chochote angalia stetimenti yako siku hiyo hiyo asubuhi. Malipo yaliyotumwa Ijumaa kutoka benki nyingine yanaweza yakaonekana Jumatatu au Jumanne, na wengine wanalipa invoisi mbili kwa mkupuo mmoja, ukitafuta kiasi cha invoisi moja hukioni, unadhani hujalipwa.

Sasa nilivyoanza nilisema mapema, na kichwani nilikuwa na maana ya kesho yake tu baada ya tarehe kupita. Ila nikimfikiria yule mama vizuri, hakutuma kesho yake. Ijumaa ikapita, Jumatatu akaiacha, Jumanne ndo akaandika, na Jumanne ilikuwa inatosha kabisa kuwahi listi. Angetuma Jumamosi ingezama chini ya imeli zote za mwisho wa wiki. Nakumbuka pia walikuwepo waliokuwa wanaandika asubuhi ya siku ile ile ya mwisho, hela yao inatoka siku hiyo hiyo, nami natumia muda kuwajibu badala ya kumalizia malipo yao. Kwa hiyo pengine wale wanaosema mwachie kwanza hawajakosea kama nilivyodhani wakati naanza.

Nikilazimishwa kuchagua, kwa mteja wa siku zote ambaye unajua analipa Alhamisi, mwache Alhamisi ya kwanza baada ya tarehe ipite, angalia akaunti, halafu ndo umuandikie. Kama Alhamisi hiyo inaangukia ndani ya siku chache za mwisho wa mwezi usisubiri, andika Jumatatu au Jumanne kabla listi haijafungwa. Mteja mpya ambaye hujui ratiba yake mimi nisingemsubiri hata kidogo, tena ningeshampigia wiki moja kabla ya tarehe kuuliza tu kama invoisi imefika kitengo cha malipo na kama ina kila kitu. Mteja ambaye ni mtu mmoja, hana mhasibu wala listi, meseji fupi siku ya pili au ya tatu yenye namba ya invoisi, kiasi na pa kulipia inatosha, huyo mara nyingi amepitiwa tu.

Kwenye invoisi yenyewe acheni kuandika "siku 30" peke yake. Andikeni tarehe kamili, "ya kulipwa 14 Juni", na namba ya oda juu kabisa ambapo mtu haitafuti.